Barua ya kuhamishia bima ya nyumba kwa mnunuzi: inakwama wapi, na kwa nini

Umeuza nyumba. Bima yake imelipiwa mpaka mwisho wa mwaka wa bima, bado imebaki miezi kadhaa, na mmekubaliana na mnunuzi kwamba ataendelea nayo. Umeandika barua kwenda kampuni ya bima kuomba ihamishiwe kwake. Sasa ama hujajibiwa, ama umejibiwa jambo ambalo hukulitarajia, ama jibu ni zuri lakini mnunuzi alipopata hasara akaambiwa halipwi. Nimeshughulikia barua za namna hii kwa miaka mingi, na karibu zote zinazokwama hukwama kwa sababu moja: mwandishi aliamini kwamba bima ni ya nyumba.

Bima si ya nyumba. Ni ahadi kati ya kampuni na mtu fulani kwamba mtu huyo akipata hasara kupitia nyumba ile, atafidiwa. Nyumba ikishakuwa ya mwingine, yule wa kwanza hana tena cha kupoteza ikiungua, na asiye na cha kupoteza hana cha kufidiwa. Mnunuzi, ambaye sasa ndiye mwenye cha kupoteza, hajawahi kuahidiwa chochote na kampuni ile. Hati ya bima ipo kabatini, ada imelipwa, lakini ahadi yenyewe imebaki bila mtu.

Jambo hili lilipimwa mahakamani Uingereza katika kesi mbili zilizotokana na nyumba moja. Mwenye nyumba alikubali kuiuza kwa pauni 3,100. Kabla mauziano hayajakamilika moto ukaiharibu, na kampuni ya bima ikamlipa muuzaji pauni 330. Mnunuzi, aliyelazimika kulipa bei yote, akadai apewe zile 330. Mwaka 1881, katika kesi ya Rayner dhidi ya Preston, aliambiwa hana haki nazo kwa kuwa bima haikuwa mkataba wake. Mwaka 1883, katika Castellain dhidi ya Preston, kampuni ikamgeukia muuzaji na kurudishiwa fedha zile, kwa sababu alikwisha pokea bei kamili na hivyo hakuwa na hasara. Mwishowe mnunuzi alikuwa na nyumba iliyoungua na bima haikubeba chochote. Kila dalili ninayoieleza hapa chini inarudi kwenye hadithi hiyo.

Kuna nchi zilizochagua njia nyingine. Ujerumani na Ufaransa, kwa mfano, sheria humwingiza mnunuzi kwenye mkataba wa bima ya nyumba aliyoinunua, na kila upande hupewa haki ya kuuvunja baadaye. Huko barua ni ya kutoa taarifa, tena ya haraka. Kwingineko kwingi barua ni ya kuomba ridhaa, na bila ridhaa hakuna kinachohama. Basi kabla ya yote, fungua hati yako ya bima utafute kifungu kinachozungumzia mabadiliko ya umiliki. Ukiona maneno yenye maana ya "bima hii itakoma iwapo maslahi ya mkatiwa bima yatahama bila idhini ya maandishi ya kampuni", endelea kusoma, maana uko upande wa ridhaa; maslahi hapo ni kile ambacho mtu angepoteza nyumba ikiharibika.

Dalili ya kwanza: wiki zinapita, hakuna jibu

Ukimya una sababu za kawaida, na nyingi zinaonekana kwenye nakala yako ya barua. Angalia kwanza umeiandikia nani. Barua iliyoachwa kwa wakala aliyekuuzia bima inaweza kukaa mezani pake, na katika mikataba mingi wakala hana mamlaka ya kukubali mtu mpya. Anayekubali ni idara ya kampuni inayotoa hati za bima. Idara ya madai nayo si mahali pake.

Kisha soma sentensi yako ya kwanza. Kama inasema "napenda kuwajulisha kwamba nimeuza nyumba yangu", umetoa taarifa. Karani ataiweka kwenye faili, na huenda akaandika pembeni kwamba mkataba ufungwe. Hukuomba kitu, kwa hiyo hakuna wa kukujibu. Barua ya kuhamisha lazima iombe kwa maneno yasiyo na njia mbili: kampuni iridhie, kwa maandishi, mkataba namba fulani uhamie kwa fulani, kuanzia siku fulani.

Sababu ya tatu ni kwamba barua imetoka kwa muuzaji peke yake. Kampuni haiwezi kuingia mkataba na mtu asiyesema kwamba anautaka. Mnunuzi naye atie saini, au aambatishe barua yake, na ajaze fomu ya maombi kama wanavyojaza wateja wapya.

Wakati mkisubiri, ukimya usihesabiwe kuwa kukubali. Hapa ndipo ninapoona watu wakiumia zaidi: wana nakala ya barua yenye muhuri wa "IMEPOKELEWA" na wanaamini kwamba muhuri huo ni kinga. Muhuri unathibitisha siku karatasi ilipofika tu. Ikiwa siku ya makabidhiano imebaki karibu na jibu halijaja, mnunuzi aombe hati ya bima ya muda, yaani kinga ya siku chache inayotolewa wakati maombi yakichunguzwa. Akikataliwa, akate bima yake mpya mahali popote, hata kama ile ya zamani imelipiwa. Ada ya muuzaji inaweza kurudishwa, lakini nyumba isiyo na kinga hairudishwi na mtu.

Dalili ya pili: "Mkataba ulikwisha koma kabla ya barua yenu kutufikia"

Jibu hili huwashangaza watu kuliko yote. Nitafuata mfano mmoja wenye tarehe, kwa sababu hapa tarehe ndizo zinazoamua.

Mwaka wa bima unaanza tarehe 1 Oktoba na kuisha tarehe 30 Septemba. Muuzaji na mnunuzi wanatia saini mkataba wa mauziano tarehe 3 Machi. Tarehe 28 Machi mnunuzi anamaliza bei, anapokea hati ya umiliki na funguo. Tarehe 4 Aprili barua inafika kwenye kampuni ya bima. Usiku wa tarehe 9 bomba linapasuka darini, maji yanaharibu dari na sakafu. Tarehe 15 kampuni inajibu kwamba haiwezi kuhamisha bima wala kulipa.

Mnunuzi analalamika kwamba ada imelipwa hadi Septemba na barua ilitangulia hasara kwa siku tano. Yote mawili ni kweli, na hayamsaidii. Tarehe 28 Machi muuzaji aliacha kuwa na maslahi katika nyumba, na siku hiyo mkataba ulibaki bila mtu. Barua ya tarehe 4 Aprili iliomba kuhamishwa kwa kitu ambacho kilikwisha zimika wiki moja nyuma. Kampuni ingeweza kukubali kwa hiari kuanza upya na mnunuzi, na huenda ingefanya hivyo kama bomba lisingepasuka. Baada ya hasara kutokea haina sababu ya kufanya hivyo.

Ukitaka kujua kama barua yako ina kasoro hii, andika tarehe nne kwenye karatasi moja: siku ya saini ya mauziano, siku umiliki na funguo vilipohama, siku barua ilipopokelewa, na siku kampuni iliporidhia. Ridhaa ikiwa imetangulia kuhama kwa umiliki, au imekuja baadaye lakini inasema wazi kwamba inaanzia siku ile ya kuhama, uko salama. Ridhaa ikiwa imechelewa na haitaji siku ya kuanza, kuna pengo, na hasara yoyote iliyoangukia ndani ya pengo hilo ni ya mnunuzi.

Tazama pia pengo la mwanzo, kati ya tarehe 3 na 28 Machi. Katika mikataba fulani ya mauziano, hatari ya kuharibika kwa nyumba huhamia kwa mnunuzi siku ya saini, ingawa bado hajapewa funguo. Hicho ndicho kilichompata mnunuzi wa pauni 3,100. Soma kifungu cha hatari katika mkataba wenu. Kama hatari inahama siku ya saini, usingoje: omba kampuni iandike maslahi ya mnunuzi kwenye hati kuanzia siku hiyo, pamoja na ya muuzaji, kisha bima ihamie kwake peke yake siku ya makabidhiano.

Katika mfano wetu, barua ilitakiwa kufika kabla hata ya tarehe 10 Machi. Huwa naandika siku ya makabidhiano kwa namna inayovumilia kusogea, maana malipo ya nyumba huchelewa mara kwa mara. Barua yenyewe inaweza kuwa hivi:

> Meneja, Idara ya Bima za Mali
> (Jina na anwani ya kampuni)
>
> YAH: OMBI LA RIDHAA YA KUHAMISHA BIMA YA NYUMBA, MKATABA NAMBA ______
>
> Mimi, ______, mkatiwa bima katika mkataba uliotajwa hapo juu, nimekubali kumuuzia Ndugu ______ nyumba iliyoko ______, kwa mkataba wa mauziano wa tarehe ______. Umiliki na funguo vitakabidhiwa tarehe ______, au siku nyingine ambayo tutawajulisha kwa maandishi kabla haijafika.
>
> Naomba kampuni iridhie kwa maandishi kwamba bima hii ihamie kwa mnunuzi kuanzia saa ya makabidhiano hayo hadi mwisho wa mwaka wa bima tarehe ______, na itoe karatasi ya nyongeza yenye jina lake. Naomba pia kwamba kuanzia tarehe ya saini ya mauziano hadi makabidhiano, maslahi ya mnunuzi yaandikwe kwenye hati pamoja na yangu.
>
> Ombi hili linahusu jengo tu. Vyombo na samani zangu naziondoa, na sehemu yake ya bima isihamishwe.
>
> Hakuna hasara wala dai lililo wazi kuhusu nyumba hii hadi leo, isipokuwa ______.
>
> Mnunuzi ametia saini hapa chini kuthibitisha kwamba anakubali masharti ya mkataba, na fomu yake ya maombi imeambatishwa. Kama kampuni haiwezi kuridhia, tunaomba tujulishwe kabla ya tarehe ______, ili mnunuzi akate bima nyingine bila kuacha pengo.
>
> Saini ya muuzaji ______ Saini ya mnunuzi ______

Sentensi ya jengo na vyombo si pambo. Bima nyingi za nyumba hubeba vyote viwili katika hati moja, na muuzaji asipotenganisha anaweza kujikuta samani zake ziko njiani kuelekea makao mapya bila kinga, huku mnunuzi akidhani samani zake mwenyewe zimelindwa kwa thamani ya za mwingine. Sentensi ya dai lililo wazi nayo ina kazi. Kama maji yaliharibu dari tarehe 20 Machi, wakati nyumba ingali ya muuzaji, dai hilo limezaliwa mikononi mwake. Kuhamisha bima hakulibebi dai hilo kwenda kwa mnunuzi. Wakitaka fedha zimfikie mnunuzi, wakabidhi dai hilo kwake kwa maandishi ya pekee, au wapunguze bei. Wasipofanya hivyo, na muuzaji akapokea bei kamili pamoja na fidia, wamerudi kwenye kesi ya 1883.

Dalili ya tatu: ridhaa imetoka, lakini dai la mnunuzi linakatwa au linakataliwa

Karatasi ya nyongeza ipo, jina ni la mnunuzi, tarehe hazina pengo. Bado fidia inakuja pungufu, au haiji. Hapa tatizo ni kwamba mnunuzi amerithi majibu ya mtu mwingine.

Muuzaji alipokata bima aliulizwa maswali: nani anaishi humo, paa ni la nini, kuna biashara inayofanyika, nyumba hukaa tupu kwa muda gani. Kampuni ilipanga ada kwa majibu hayo. Mnunuzi akipangisha vyumba, akifungua karakana uani, au akiiacha tupu miezi miwili akisubiri kuhamia, nyumba iliyokatiwa bima si ile tena. Suala la nyumba tupu huwanasa wanunuzi wengi. Hati nyingi huondoa kinga ya wizi na ya kupasuka kwa mabomba nyumba ikikaa bila mtu zaidi ya siku 30 mfululizo, na siku zile za baada ya kununua ndizo ambazo nyumba hukaa bila mtu. Nambari halisi iko kwenye hati yako, itafute. Kama ukarabati utachukua muda mrefu, liseme kwenye fomu ya mnunuzi, na uombe ruhusa iandikwe kwenye nyongeza.

Kukatwa kwa fidia mara nyingi kunatokana na thamani iliyokatiwa bima. Tuseme muuzaji aliikatia nyumba bima ya 60,000,000 miaka kadhaa iliyopita na hakugusa tarakimu hiyo tena. Leo kuijenga upya kunagharimu 80,000,000. Mnunuzi anapata hasara ya 8,000,000 na anatarajia zote, kwa kuwa 8,000,000 ni ndogo sana kuliko 60,000,000. Mkataba ukiwa na kifungu cha wastani, kampuni hulinganisha kilichokatiwa bima na kilichopaswa kukatiwa. Sitini kwa themanini ni robo tatu, kwa hiyo inalipa robo tatu ya hasara, yaani 6,000,000, kabla ya kutoa kile kiasi ambacho kila mkatiwa bima hujibebea mwenyewe. Zile 2,000,000 zilizobaki ni za mnunuzi, kwa kosa ambalo hakulifanya yeye.

Dawa yake ni kupandisha thamani siku ile ile ya kuhamisha na kulipa ada ya nyongeza. Angalizo moja: thamani ya bima ni gharama ya kujenga upya jengo, pamoja na kuondoa kifusi na ada za wataalamu. Bei ya mauziano ni kitu kingine, kwa sababu ndani yake mna kiwanja, na kiwanja hakiungui. Nimeona wanunuzi wakinakili bei waliyolipa kwenye fomu. Mmoja hulipia zaidi ya anachoweza kufidiwa, na mwingine, aliyenunua kwa bei ya kutupa, hujikuta amekatia bima nusu ya jengo.

Dalili ya nne: benki inakataa

Kama muuzaji alikopa kwa nyumba hiyo, jina la benki yake limeandikwa kwenye hati ya bima kuwa ndiyo ya kulipwa kwanza. Kampuni ikipokea ombi la kuhamisha na kuona jina hilo bado lipo, itasimamisha kila kitu mpaka benki iseme imelipwa. Ambatisha barua ya benki ya kufuta deni. Mnunuzi naye akiwa amekopa, benki yake itataka jina lake liingie, na huenda ikakataa kabisa bima ya kurithi kwa sababu ina masharti yake kuhusu thamani na aina ya kinga. Muulize afisa mikopo kabla hujaandika kwa kampuni ya bima. Akisema anataka bima mpya, acha mpango wa kuhamisha, muuzaji avunje ya kwake kuanzia siku ya makabidhiano.

Dalili ya tano: ugomvi wa ada iliyobaki

Bima ikihamishwa, kampuni hairudishi kitu, kwa kuwa kinga inaendelea. Muuzaji ndiye aliyelipia miezi ambayo mnunuzi ataifaidi, na fidia yake inatoka kwa mnunuzi. Katika mfano wetu, ada ikiwa 365,000 kwa mwaka, kuanzia 28 Machi hadi 30 Septemba ni siku 187, kwa hiyo mnunuzi amrudishie muuzaji 187,000. Liandikwe kwenye hesabu ya mwisho ya mauziano, si kwenye barua ya kampuni, maana haliwahusu.

Bima ikivunjwa badala ya kuhamishwa, soma kifungu cha kuvunja. Kampuni nyingine hurudisha kwa hesabu ya siku, nyingine hutumia jedwali la muda mfupi ambalo hurudisha pungufu ya hapo, na kama kulikuwa na dai mwaka huo huenda isirudishe chochote. Wakati mwingine tofauti hiyo ndiyo sababu pekee ya kuhamisha. Ikiwa ni ndogo, na mnunuzi ana matumizi tofauti ya nyumba au thamani inahitaji kurekebishwa sana, mimi humshauri akate yake mpya, kwa majibu yake mwenyewe.

Karatasi ya nyongeza ikifika, isomwe na mnunuzi kabla ya kuwekwa kabatini: jina kama lilivyo kwenye hati ya umiliki, namba ya kiwanja, siku na saa ya kuanza, thamani mpya, jina la benki kama lipo, na saini ya kampuni, si ya wakala. Kabla ya hasara, kosa la herufi moja kwenye jina hurekebishwa kwa siku moja.